Walivyoitaja homa yangu wodini, na nilivyojifunza kulalamika bila kuitaja tena

Nililazwa kwa ajili ya upasuaji wa ngiri. Jioni ya kuamkia siku ya upasuaji daktari alinichukua kutoka kitandani, akanipeleka kwenye chumba cha kufungia vidonda, akafunga mlango na kukaa. Akaniambia kwamba vipimo vya damu vya maandalizi vimeonyesha nina virusi vya homa ya ini aina ya B. Alinieleza taratibu: upasuaji utaendelea, nitapimwa tena baada ya miezi 6 ili ijulikane kama ni maambukizi ya kudumu, na mke wangu apimwe ili kama hana apewe chanjo. Akaniuliza nataka nani amwambie. Nikasema nitamwambia mwenyewe nikitoka hospitalini, tukiwa wawili. Akakubali, akaandika kwenye faili.

Naanza na daktari huyo kwa sababu alifanya kila kitu inavyotakiwa, na siri yangu haikudumu hata kwa muda wa saa 12.

Asubuhi iliyofuata, saa moja kasoro dakika kumi, zamu ya usiku ilikuwa inaikabidhi zamu ya asubuhi. Meza ya wauguzi iko katikati ya wodi, hatua nane kutoka kitanda changu. Muuguzi wa usiku alisimama mezani na lile daftari lao, mwenzake wa asubuhi alikuwa upande wa pili anafungua kabati la dawa, kwa hiyo aliyekuwa anakabidhi alipaza sauti ili asikike huko. Vitanda vinne vya kwanza vilipita. Kisha: "Kitanda cha tano, ngiri, anaingia chumba cha upasuaji saa nne. Huyu ana homa ya ini B, mvae glavu mbili. Mkewe hajaambiwa bado, akija msimwambie."

Mimi ndiye kitanda cha tano, na nilikuwa macho. Pembeni yangu, kitanda cha sita, alikuwepo mzee aliyevunjika nyonga na binti yake aliyekuwa akimuuguza. Binti naye alikuwa macho. Alinitazama, kisha akageuka upande wa pili.

Mchana mke wangu alikuja nikiwa bado na usingizi wa dawa. Yule binti alimfuata kwenye korido akamwambia kwa upole kabisa, "Pole mdogo wangu. Hiyo homa ya ini siku hizi inatibika, ila na wewe ukapime." Alidhani anamfariji mtu anayejua. Sikumlaumu wakati ule na simlaumu leo. Jioni nilipopata fahamu vizuri mke wangu alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kitanda, na swali lake halikuwa kuhusu ugonjwa. Aliuliza, "Kwa nini watu wa humu wanajua kabla yangu?"

Sikuwa na jibu ambalo lingemtosha. Ukweli kwamba nilipanga kumwambia baada ya siku tatu ulionekana kama uongo wa mtu aliyekamatwa. Nataka hili lieleweke, maana hospitali ilipokuja kulijibu lalamiko langu ilizungumza sana kuhusu jina la ugonjwa, wakati kilichonivunja zaidi ni ile sentensi ya mwisho, "mkewe hajaambiwa". Siri ya mgonjwa si jina la ugonjwa peke yake. Ndani yake kuna nani anajua, nani hajui, na lini ataambiwa na nani.

Kosa la kwanza baada ya hapo lilikuwa langu. Asubuhi ya pili nilijikokota hadi mezani na kidonda changu, nikalalamika kwa sauti. Nilisema kila kitu: mmetangaza kwamba nina homa ya ini, mmesema mke wangu hajui. Nilipogeuka nikaona vitanda vya mwisho, ambako sauti ya yule muuguzi haikuwa imefika, watu wote wameinua shingo. Mimi ndiye niliyewafikishia.

Muuguzi kiongozi wa wodi alinipeleka pembeni. Hakuwa mkali. Aliniuliza swali moja ambalo baadaye nililiona tena kwenye barua yao: "Kaka, alitaja jina lako?"

Hakutaja. Nikanyamaza, nikadhani nimeshindwa.

Kama kuna jambo moja ambalo ningetamani mtu angeninong'oneza pale, ni hili: jina si lazima litajwe ili siri ivuje. Inatosha msikilizaji aweze kujua ni nani anayesemwa. Namba ya kitanda, aina ya upasuaji na saa ya kuingia chumba cha upasuaji, mbele ya watu wanaokuona umelala kwenye kitanda hicho ukisubiri saa hiyo, vinakutambulisha kuliko jina. Binti wa kitanda cha sita hakuwahi kulijua jina langu.

Nikiwa bado wodini nilichukua karatasi nikaandika. Niliandika saa, nani alikuwa wapi, mlango ulikuwa wazi au umefungwa, na maneno yenyewe jinsi nilivyoyasikia bila kuyapamba. Chini yake nikapiga mstari, nikaandika yale niliyoambiwa na mke wangu, nikionyesha wazi kwamba hayo ameyasikia yeye. Utengano huo ulinisaidia sana. Wiki mbili baadaye mimi na mke wangu tulikuwa tayari tunabishana kama ilikuwa saa moja au saa mbili, na kama neno lilikuwa "hajaambiwa" au "hajui". Ile karatasi ndiyo iliyoamua.

Nyumbani niliandika barua ya kwanza. Ilikuwa kurasa tatu na ilikuwa na hasira nyingi. Bahati nzuri nilimwonyesha binamu yangu, ambaye alifanya kazi miaka mingi kwenye masjala ya kumbukumbu za wagonjwa. Aliisoma hadi mwisho, kisha akaniuliza, "Unajua barua hii itafunguliwa na nani?" Nikasema mkurugenzi. Akacheka kidogo kwa huruma. Akanieleza safari ya barua: mapokezi wanaifungua na kuigonga muhuri, karani anaiandika kwenye rejista pamoja na mada yake kwa ufupi, katibu muhtasi anaiweka kwenye jalada, mkurugenzi anaiandikia maelekezo pembeni, halafu inashuka ngazi zote hizo kurudi wodini. "Yule muuguzi alisikika na watu sita au saba," alisema. "Wewe utasomwa na kumi na tano, na rejista haifutwi."

Hapo ndipo nilipoelewa ugumu wa malalamiko ya aina hii. Mtu aliyeibiwa saa anaweza kuitangaza saa yake popote. Anayelalamikia siri iliyovuja ana hatari ya kuimwaga mara ya pili ili kuthibitisha ya kwanza.

Tukaiandika upya kwa ukurasa mmoja, na ugonjwa haukutajwa mahali popote. Aya yake kuu ilikuwa hivi:

"Saa moja kasoro dakika kumi asubuhi, wakati wa kukabidhiana zamu mezani pa wauguzi katika wodi ya upasuaji, muuguzi wa zamu ya usiku alieleza kwa sauti ya kusikika taarifa za afya yangu pamoja na jambo la kifamilia nililomwambia daktari kwa siri. Alinitambulisha kwa namba ya kitanda na aina ya upasuaji. Nilikuwa macho na nilisikia kila neno. Siku hiyohiyo taarifa hizo zilimfikia mke wangu kupitia mtu aliyezisikia wodini, kabla mimi sijamwambia. Maneno yaliyosemwa nimeyaandika kwenye bahasha iliyofungwa, ifunguliwe na atakayepewa kazi ya kuchunguza peke yake."

Bahasha ndogo iliandikwa "Siri" ikaingia ndani ya kubwa. Mada ya barua, ambayo ndiyo ingeingia kwenye rejista, ilikuwa "Lalamiko kuhusu utunzaji wa taarifa wakati wa kukabidhiana zamu". Tarehe iliandikwa juu, na nakala yangu niliigongesha muhuri wa kupokelewa.

Kulikuwa na suala la shahidi. Nilitaka kumtaja binti wa kitanda cha sita. Binamu akakataa: kumtaja yeye ni kumtaja baba yake, na baba yake naye ni mgonjwa mwenye siri zake. Tukaandika tu kwamba yupo mtu aliyesikia na kwamba nitamwomba ridhaa kama atahitajika. Hakuhitajika. Mke wangu alitosha, kwa sababu alikuwa ushahidi wa matokeo: habari haikutoka kwangu, na ilimfikia siku hiyohiyo.

Jambo jingine tulilolipima kwa makini ni nini hasa ninacholalamikia. Rasimu ya kwanza ilisema muuguzi wa usiku hakupaswa kumwambia mwenzake. Hilo lilikuwa kosa. Muuguzi wa asubuhi alikuwa anakwenda kunihudumia, alistahili kujua hali yangu, na hata suala la mke wangu alipaswa kulijua ili asiteleze. Makabidhiano mabovu nayo huumiza wagonjwa. Kwa hiyo nikaandika wazi kwamba sipingi kupashana habari kati ya wanaonitibu, napinga mahali na sauti. Naamini sentensi hiyo ndiyo iliyofanya barua isomwe kwa utulivu, maana iliwaondolea njia rahisi ya kunijibu kwamba sielewi kazi yao.

Niliomba mambo matatu tu: nielezwe kwa maandishi kilichotokea, utaratibu wa kukabidhiana zamu ubadilishwe, na kisa changu kisitumike kwenye kikao chochote cha wafanyakazi kwa namna itakayonitambulisha. Sikuomba muuguzi afukuzwe. Wodi ilikuwa na vitanda 26 na wauguzi wawili usiku kucha, na nilimwona mwenyewe saa tisa usiku akibadilisha shuka za mzee wa kitanda cha sita bila kunung'unika. Alikosea, na kosa lake lilinigharimu. Lakini meza ile ingemwingiza yeyote anayesimama pale katika kosa lilelile.

Jibu la kwanza lilikuja baada ya wiki tatu. Walisema wamefanya uchunguzi, hakuna jina la mgonjwa lililotajwa, na kwa umbali uliopo makabidhiano "hayangeweza kusikika kwa uwazi" vitandani. Nilijibu kwa aya mbili. Ya kwanza ilikuwa juu ya kutambulika bila jina. Ya pili iliomba jambo dogo: mtu akae kwenye kitanda cha tano, mwingine asimame mezani asome kitu chochote kwa sauti anayoitumia kila siku, na anayesikiliza aandike anachosikia.

Sikutegemea wangekubali. Muuguzi kiongozi ndiye aliyekubali, nadhani kwa sababu na yeye hakuwa na uhakika. Tulifanya jioni moja baada ya muda wa kutembelea wagonjwa, kitanda cha tano kikiwa wazi. Yeye alikaa kitandani na kalamu. Muuguzi mwingine alisimama mezani, akasoma bango la ukutani la hatua za kunawa mikono. Kwa sauti ya kawaida, muuguzi kiongozi aliandika karibu kila neno. Wakavuta pazia la kitanda likazunguka pande zote, akasoma tena: yaleyale. Pazia linazuia macho tu, na nafikiri kwa kuwa halituonyeshi watu, linatufanya tuseme zaidi kana kwamba hawapo. Mwishowe msomaji akaja kusimama karibu na kabati la dawa, ubavuni kwa mwenzake, akasoma kwa sauti ya chini. Pale kitandani yalisikika maneno machache yasiyoungana.

Jaribio lote halikuchukua robo saa, na halikuhitaji kurudia hata neno moja la siri yangu. Kama ningekuwa na la kumshauri mtu mwenye lalamiko kama hili, ningeanzia hapo. Wakisema haikusikika, usibishane juu ya kumbukumbu. Omba mahali papimwe.

Kikao kiliitwa wiki moja baadaye. Nilipoingia chumbani nilikuta watu watano. Nikaomba, kabla hatujaanza, kila mmoja aniambie ni nani na kwa nini yupo. Mmoja alikuwa ametoka ofisi ya utumishi, mwingine alikuja kuandika kumbukumbu. Nikasema sina tatizo na kikao, ila hawa wawili hawahitaji kujua ugonjwa wangu, kwa hiyo ama watoke tutakapofika kwenye bahasha, ama bahasha isifunguliwe. Palikuwa na ukimya mzito. Kisha naibu mkurugenzi akasema, "Ana haki," na bahasha haikufunguliwa kabisa. Tulizungumza dakika arobaini juu ya lalamiko hilo bila mtu kutaja ugonjwa, na hakuna kilichopungua.

Walinipa maelezo. Muuguzi alipaza sauti kwa sababu mwenzake alikuwa kabatini, na alitaja homa ya ini kwa nia ya kuwalinda wenzake. Juu ya glavu, muuguzi kiongozi mwenyewe alisema jambo lililonigusa. Tahadhari za kawaida za kuzuia maambukizi zinataka damu ya kila mgonjwa ihesabiwe kuwa inaweza kuambukiza, awe amepimwa au hajapimwa. Anayevaa glavu kwa huyu tu kwa sababu ameambiwa, kesho atamgusa bila glavu mwenye virusi ambaye hajapimwa. Hivyo hata kwa sababu ya usalama, ile taarifa haikuwa na haja ya kupita kwa sauti juu ya vitanda. Alisoma pia kipengele cha siri kwenye kanuni za maadili za Baraza la Kimataifa la Wauguzi, kanuni ambazo zilipitishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1953. Alisoma polepole, kama mtu anayejisomea.

Nami nilikuwa nimesoma kidogo. Mwaka 1995 ulichapishwa utafiti wa Marekani ambao watafiti walipanda lifti za hospitali tano, safari 259, wakisikiliza tu wanachozungumza wafanyakazi. Katika safari 36 walisikia maneno yasiyostahili kusemwa pale, na aina iliyoongoza ilikuwa ya kuvujisha siri za wagonjwa. Niliwaambia hivyo ili waelewe kwamba sikuja kuwatafutia mtu mbaya. Wafanyakazi wazuri huvujisha siri wakiwa kazini kabisa, palepale wanapopazoea hadi wanaacha kuona nani mwingine yupo.

Waliamua hivi. Makabidhiano yangeanzia kwenye chumba cha kufungia vidonda, mlango umefungwa, kwa mambo yote ya vipimo, familia na maambukizi. Baada ya hapo wangezunguka vitandani kukagua dripu, vidonda na mirija, na wakihitaji kukumbushana jambo la siri wangeonyeshana kwa kidole kwenye karatasi. Wasiwasi wao ulikuwa wa kweli: wakiwa chumbani, nani anatazama wodi? Walikubaliana kwamba mmoja wa zamu ya asubuhi abaki nje, na akabidhiwe peke yake baadaye. Sijui kama limedumu. Kwenye wodi yenye watu wachache mambo kama hayo huchoka haraka.

Muuguzi wa usiku aliomba kuniona. Tulikutana mbele ya muuguzi kiongozi. Alisema, "Baba, nilisema 'msimwambie' na mimi ndiye niliyemwambia." Alilia. Nilimsamehe, na sikusema kwamba haikuuma.

Yapo ambayo lalamiko halikuyafikia. Ndugu wa mgonjwa mwingine pale wodini alikuwa anafahamiana na mtu wa kazini kwangu, na niliporudi nilikuta kikombe changu kimetengwa kwenye rafu ya peke yake. Homa ya ini B haiambukizwi kwa kikombe wala kwa kupeana mkono. Inapita kwa damu, kwa kujamiiana, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kujifungua. Nilikuwa na uwezo wa kuwaeleza, lakini ili niwaeleze ilinibidi nikubali mbele yao kwamba ninao. Nilikichukua kikombe changu nikaenda nacho nyumbani. Miezi kadhaa baadaye nilizungumza nao, siku niliyoichagua mwenyewe, na walinisikiliza vizuri.

Mke wangu alipimwa, hakuwa na maambukizi, akaanza chanjo. Dozi ya tatu ilikuwa miezi sita baada ya ile ya kwanza, na siku hiyo nilimsindikiza. Benchi lilikuwa limejaa. Mhudumu aliinua kadi yake, akatazama, akaanza kwa sauti, "Wewe unachanjwa kwa sababu mumeo ana..." Mke wangu alikuwa tayari amesimama. Alisema, "Dada, tuongee ndani," akaingia, na nikasikia mlango ukifungwa.